Street Fighter 6 au Granblue Fantasy Versus: Rising? Gemu ya kwanza ya mapigano kwa mchezaji wa Mtwara na Lindi

Wengi wetu huku Kusini gemu ya mapigano tuliyoizoea ni Tekken ya kwenye vibanda: unalipia mechi, unabonyeza vitufe kwa pupa, anayejua anakubakiza ukutani hadi unampisha mwingine pedi. Ukitaka kuanza nyumbani na kucheza na watu mtandaoni, mambo mawili ndiyo yatakayoamua kama utadumu. La kwanza ni kama unaweza kupiga kombo siku ya kwanza bila kukariri mizunguko ya mishale. La pili ni kama utakutana na watu wa kiwango chako, wenye subira ya kurudia mechi na kukuelekeza. Kwa vigezo hivyo gemu mbili ndizo zinazostahili kushindanishwa: Street Fighter 6 ya Capcom, iliyotoka Juni 2023, na Granblue Fantasy Versus: Rising, iliyotoka Desemba 2023.

Tekken 8 tuimalize mapema. Ina njia rahisi iitwayo Special Style, unayoiwasha kwa L1 hata katikati ya mechi, na kitufe kimoja kinakupigia kombo ya hewani. Ni njia nzuri. Ila gemu yenyewe haipo kwenye PS4. Inataka PS5, Xbox Series au kompyuta yenye nguvu, na inahitaji nafasi ya gigabaiti 100. Pia kila mpiganaji ana mapigo mengi mno, na mgeni anapigwa na vitu ambavyo hajawahi kuviona hata mara moja. Dragon Ball FighterZ nayo ina kombo nyepesi sana, lakini toleo lake la PS4 halikupewa mfumo mpya wa mtandao uliowekwa mwaka 2024 kwenye PS5, Xbox Series na kompyuta. Kwa mtu wa Lindi mwenye PS4, mechi za mbali zitakuwa nzito kama anacheza chini ya maji.

Street Fighter 6 na Granblue zote zinaingia kwenye PS4, PS5 na kompyuta, na wachezaji wa mashine hizo wanakutana pamoja mtandaoni.

Kombo ya kwanza, kitufe kwa kitufe

Tuanze na Ryu wa Street Fighter 6. Gemu itakapokuuliza aina ya udhibiti, chagua Modern. Ile ya Dynamic, ambayo gemu inakuchezea karibu kila kitu, haikubaliwi kwenye mechi za mtandaoni, kwa hiyo kuizoea ni kupoteza muda. Kwenye pedi ya PS, mraba ni pigo jepesi, X ni pigo la kati, duara ni pigo zito, na pembetatu ni pigo maalumu. Pembetatu peke yake inarusha Hadoken. Pembetatu pamoja na mshale wa mbele ni Shoryuken, ile ngumi ya kupanda juu inayomwangusha anayekurukia. Zamani pigo hilo lilitaka mzunguko wa mbele, chini, kisha mbele-chini, na wageni wengi walikata tamaa hapo.

Kombo yenyewe ni hivi: shikilia R2, ambacho ni kitufe cha Assist, kisha bonyeza X mara kadhaa. Ryu anaunganisha mapigo mwenyewe na kumalizia kwa pigo maalumu. Kila moja ya vitufe vitatu vya kupiga, ukikibonyeza huku umeshika R2, kina kombo yake.

Sasa Gran wa Granblue. Hapa huhitaji kushika chochote. Msogelee mpinzani mpaka mnakaribia kugusana, bonyeza kitufe cha pigo la kati mara tatu, na mapigo matatu yanaungana yenyewe. Kabla la tatu halijaisha, bonyeza kitufe cha Skill, yaani cha pigo maalumu. Kikibonyezwa peke yake, Gran anarusha Reginleiv, wimbi la upanga linalokwenda mbele. Kikibonyezwa pamoja na mshale wa mbele, anatoa Rising Sword, ambayo ni kinga yake dhidi ya warukaji. Pamoja na mshale wa nyuma ni Overdrive Surge, pigo la kusukuma mbele. Mtu ambaye hajawahi kushika pedi anaweza kuipata kombo hii ndani ya dakika kumi za mazoezi, na anajua ni kidole gani kimefanya nini.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo tofauti kubwa kati ya gemu hizi mbili. Kombo ya Assist ya Street Fighter 6 ni kifurushi kilichofungwa: unajua kimetoka, hujui ndani mna nini. Kombo ya Granblue unaijenga mwenyewe, kipande kwa kipande, ingawa kila kipande ni kitufe kimoja. Baada ya wiki mbili anayecheza Granblue anajua kwa nini pigo lake liliunganika, na anayetegemea R2 tu mara nyingi hajui. Kwa kujifunza kombo, tunaipa Granblue ushindi.

Yanayoharibika, na namna ya kuyatambua

Kosa la kwanza la mchezaji wa Modern ni kuendelea kubonyeza wakati mpinzani amekinga. Ukishika R2 na kupiga X bila kuangalia, Ryu anamaliza kombo nzima juu ya kinga ya mwenzake, na pigo la mwisho linamwacha wazi mbele ya mtu ambaye hajaumia. Dalili yake ni rahisi kuiona: kila baada ya kombo yako kukingwa, unapigwa wewe, tena papo hapo. Dawa ni kubonyeza mara mbili tu, kutazama kama mwenzako ameyumba au amekinga, ndipo ubonyeze ya tatu. Nenda kwenye mazoezi, muweke mdoli akinge kwa bahati nasibu, na ufanye hivyo mara ishirini kwa siku. Mwanzoni utachelewa, baada ya siku chache jicho linawahi.

Kosa la pili linahusu geji ya Drive, ile yenye vipande sita vya kijani chini ya uhai wako. Baadhi ya kombo za Assist, hasa za kitufe kizito, hula geji hiyo bila kukuuliza, na geji ya Super ikiwepo nayo inaweza kutumika. Drive ikiisha unaingia Burnout: rangi inapotea, mapigo maalumu ya mpinzani yanakumega uhai hata ukiyakinga, na akikubana ukutani na kukupiga Drive Impact, pigo zito linalolipiwa kwa geji ya Drive, unapigwa butwaa. Mgeni anadhani mwenzake amekuwa hodari ghafla, kumbe yeye mwenyewe amemaliza geji kwa kombo mbili tatu zilizokingwa. Tazama kipande cha mwisho cha Drive kama unavyotazama mshale wa mafuta. Kikibaki kimoja, achana na R2 na utumie kombo ndogo isiyokula geji: chini pamoja na X, kisha pembetatu, yaani pigo la chini likifuatwa na Hadoken.

Tena kuna bei ya urahisi wenyewe. Katika Modern, pigo maalumu lililotolewa kwa kitufe kimoja linapunguzwa nguvu kwa asilimia 20. Hadoken ya kawaida ya Ryu inakata 600 kati ya uhai wa mpinzani, ambao kwa kawaida ni 10,000, na ya kitufe kimoja inakata 480. Usiipigie hesabu kubwa. Kinachokuumiza ukiwa mgeni ni kuchelewa kutoa pigo, na Shoryuken ya kitufe kimoja inayotoka kwa wakati ina thamani kuliko ya nguvu zote isiyotoka.

Granblue inatoza kwa njia nyingine. Ukishatumia Skill, ikoni yake inafungwa kwa muda mfupi kabla haijarudi. Kosa la kawaida ni kurusha Reginleiv tatu ovyo kutoka mbali, kisha mpinzani anaruka na Rising Sword nayo umeshaipoteza sekunde iliyopita. Ukiona Gran hatoi Skill uliyoitaka, kitufe chako si kibovu. Pigo lilikuwa bado halijarudi. Kanuni tunayoipendekeza kwa mwezi wa kwanza ni kuiacha Rising Sword kwa ajili ya warukaji peke yao. Ikikingwa chini, mpinzani ana muda wote anaotaka wa kukuadhibu.

Faida moja ya Granblue ambayo watu hawaisemi vya kutosha ni kitufe cha kukinga. Katika Street Fighter 6 unakinga kwa kushika mshale wa nyuma, na mpinzani akikuruka na kutua mgongoni, nyuma inageuka kuwa mbele, kinga inavunjika. Katika Granblue unaweza kukinga hivyo hivyo, lakini ukitumia kitufe cha kukinga, gemu inajua upande wenyewe. Bado lazima uchuchumae kwa mapigo ya chini na usimame kwa ya juu, ila fumbo moja limeondolewa.

Watu wa kucheza nao

Hapa mizani inageuka. Street Fighter 6 ina wachezaji wengi zaidi kwa mbali, na kwa mgeni wingi huo ndio unaomlinda. Ngazi zake zinaanza Rookie, kisha Iron, Bronze, Silver, Gold, Platinum, Diamond na Master. Ukiwa Rookie hupotezi pointi unaposhindwa, na watu unaokutana nao kweli ni wageni: wanaruka hovyo, wanasahau kukinga chini, wanamaliza Drive. Gemu itakapokuuliza uzoefu wako kabla ya mechi za kukupanga, jibu kweli kwamba ni mgeni. Wanaojipandisha kwa fahari hujikuta wanapigwa na watu wa Gold wiki nzima.

Granblue ina kundi dogo. Waliobaki wengi wanaipenda gemu yao na wanafurahi kuona mtu mpya, lakini kundi likiwa dogo mfumo unakuunganisha na yeyote aliyepo, hata kama amecheza tangu siku ya kwanza. Saa zenye watu ni jioni za Ulaya na za Japani. Saa nne usiku ya Lindi ni saa mbili usiku ya Paris wakati wa baridi na saa tatu wakati wa kiangazi, kwa hiyo muda huo ndio wa kuingia. Ukiingia asubuhi baada ya chai, unaweza kungoja na usipate mtu.

Uvumilivu wa watu hauji wenyewe kwenye mechi za ngazi. Pale mnacheza mechi chache na mwenzako anaondoka, hata salamu hakuna. Subira inapatikana kwenye vyumba. Katika Street Fighter 6 fungua Custom Room, ambayo inabeba hadi watu 16, weka kwenye maelezo neno `beginner`, na subiri. Anayeingia chumba chenye neno hilo mara nyingi anajua alichofuata. Ndani ya chumba mnaweza pia kuchagua mazoezi ya watu wawili badala ya mechi, na mwenzako akakuonyesha pigo moja mara kumi huku wewe unajaribu kulikinga. Battle Hub nayo ni ukumbi wenye mashine: unakaa upande mmoja, mtu anakaa wa pili, na mkimaliza anaweza kurudia bila kikomo. Granblue ina lobi za namna hiyo zilizogawanywa kwa eneo. Pia ina mchezo wa mzaha wa watu wengi, Grand Bruise Legends, ambao ni mahali pa kuzoeana na watu bila kupigana ana kwa ana.

Kiswahili hutakikuta sana humo. Maneno machache yanatosha: `gg` baada ya mechi ni kama kupeana mkono, na `again?` ni kuomba marudio. Mtu akikupiga mara tano mfululizo na bado anabonyeza marudio, hakudharau. Kwa utamaduni wa gemu hizi anakupa nafasi ya kujifunza. Anayekudharau humjui kwa matokeo. Utamjua kwa kuinama na kuinuka juu yako ukiwa umeanguka, au kwa ujumbe wa matusi, na huyo unamzuia mara moja.

Mtandao wa huku

Watu huamini Mtwara ni mbali mno kwa gemu za mtandaoni. Tupige hesabu. Mwanga ndani ya nyuzi za kebo unakwenda na kurudi umbali wa kilomita 1,000 kwa takriban milisekunde 10. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560, basi sehemu hiyo inaongeza milisekunde sita hivi. Gemu inachora picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha ni karibu milisekunde 17. Masafa ya Lindi na Dar hayafikii hata nusu ya picha moja. Kinachoua mechi ni kipande cha mwisho: simu yako na mnara, na Waifai kati ya simu na mashine, ambapo muda huo wa kwenda na kurudi, yaani ping, unaruka kutoka milisekunde 80 hadi 300 na kurudi bila taarifa.

Gemu zote mbili zinatumia rolbeki: mashine yako inakisia atakachobonyeza mwenzako, na ikikosea inarudi nyuma picha chache na kusahihisha. Mfumo huu unavumilia umbali uliotulia. Ping ya 120 iliyosimama inachezeka. Utaona mpinzani akiruka hatua ndogo mara moja moja, basi. Ping inayopanda na kushuka ndiyo inayokufanya uone umempiga kisha picha inageuka ameshakinga.

Kwa hiyo, kama unatumia kompyuta na bando la simu, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe USB tethering, usitumie hotspoti ya Waifai. Kwenye PS4 na PS5 njia hiyo ya USB haifanyi kazi. Huko unahitaji ruta ya laini yenye tundu la kebo ya mtandao, na uiweke dirishani upande wa mnara. Street Fighter 6 inakuonyesha pau za muunganisho wa mpinzani na alama ya kama yuko kwenye waya au Waifai. Kataa wenye pau moja au mbili, hata kama unangoja zaidi.

Bando lenyewe halimalizwi na kucheza, kwa sababu zinazotumwa ni alama za vitufe tu, picha hazitumwi. Linamalizwa na kupakua. Street Fighter 6 kwenye kompyuta inaomba nafasi ya gigabaiti 60, na masasisho yanakuja kila msimu. Pakua usiku kwa bando la usiku, au peleka mashine palipo na faiba. Umeme ukikatika katikati ya mechi ya ngazi, gemu haijui kama ni umeme au umekimbia. Ukikatika mara nyingi inakuadhibu kama mkimbiaji. Siku za mvua za radi, cheza kwenye vyumba na uache ngazi.

Ununue ipi

Granblue ina Free Edition kwenye PS4, PS5 na Steam. Gran yupo siku zote, wengine wachache wanapewa kwa zamu, na mtandaoni unaingia. Street Fighter 6 ilitoka kwa dola 60, siku hizi hushuka wakati wa punguzo. Ina demo ya bure yenye Ryu na Luke, lakini demo haina mechi za mtandaoni. Kwenye PS utahitaji pia PS Plus ili uicheze mtandaoni, na kadi ya kuongezea salio lazima iwe ya nchi ileile uliyoandikisha akaunti. Kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Kwenye Steam hakuna ada ya mtandao.

Tuseme una PS4, ruta ya laini, na huna fedha hadi minada ya korosho ianze. Pakua Granblue Free Edition leo. Kaa na Gran peke yake wiki mbili: siku tatu za kwanza mafunzo na ile kombo ya vitufe vitatu na Skill, kisha lobi kuanzia saa nne usiku. Fedha ikipatikana na ukawa bado unaipenda, hamia Street Fighter 6 kwa ajili ya watu. Kukinga, kungoja warukaji na kutazama kabla ya kumaliza kombo vyote vinahama nawe. Mwenye fedha tayari na hamu ya kukutana na wageni wenzake saa yoyote, aanze moja kwa moja na Street Fighter 6, ila aonje demo kwanza. Kama ni kwenye kompyuta, kiwango cha chini ni kadi ya GTX 1060 na RAM ya gigabaiti 8. Mashine isiyofika picha 60 kwa sekunde inamharibia mechi hata mpinzani, na huyo hatarudi kucheza nawe.

Ukishaanza Street Fighter 6, jifunze kuomba msaada kwa namna inayojibika. Kila mechi iliyohifadhiwa ina Replay ID. Ukimwandikia mchezaji mzoefu "nifanyeje niwe bora", hata mwenye moyo mzuri hana la kusema. Mpe namba hiyo na swali moja: raundi ya pili, saa ya gemu ikisoma 43, Ken amenipiga baada ya kombo yangu ya R2 na X kukingwa, nilipaswa kuishia pigo la ngapi? Atafungua mechi, atatazama sekunde tatu, na atakujibu usiku huohuo.